Kioo Hakijasema Hama

Katika ofisi ya majengo walimwita Kioo, naye aliitika. Wageni walidhani ni kwa ajili ya miwani yake minene, kumbe jina lilitoka kwenye kazi. Ndani ya mfuko wa koti lake, katika kitambaa laini, alibeba vipande vyembamba vya kioo, kila kimoja upana wa kidole, alivyovikata mwenyewe. Akiitwa kukagua nyumba yenye ufa, hakuanza na maneno. Aliupitisha ukucha kwenye ufa, akausogelea kana kwamba anaunusa, kisha akabandika kipande cha kioo kuukatiza, plasta kidogo upande huu, plasta kidogo upande ule. Akaandika tarehe kwa penseli juu ya plasta, akaenda zake.

Nyufa nyingi ni makovu tu. Nyumba ilishtuka zamani, ikatulia, na kilichobaki ni alama. Ukuta uliotulia hukiacha kioo kizima miaka na miaka. Lakini ukuta unaotembea, hata kama unatembea kwa unene wa unywele, hukivunja, kwa sababu kioo hakijui kunyumbuka. Kioo akirudi na kukuta kimekatika katikati, alivua miwani, akaifuta, akawageukia wenye nyumba.

"Kioo kimesema," aliwaambia. "Hameni."

Aliyapenda maneno hayo yalivyofuatana, kama mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuona kitu chochote katikati yake.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa kwenye mteremko, imepakana na uchochoro upande wa chini. Mama yake aliishi humo peke yake sasa. Mlango wa mbele ulianza kukaza tangu Kioo akiwa mtoto. Ukisukumwa kwa mkono ulikataa. Ukisukumwa kwa bega ulikubali, na mguno kama wa mtu mzima anayeinuka kitini. Kila mmoja nyumbani alikuwa na bega lake. Baba yao aliupiga mara moja, pigo zito. Dada yao mkubwa aliusukuma taratibu huku akinung'unika. Na kitinda mimba, waliyemwita Kipepeo kwa kuwa hakujua kutulia, aliupiga mapigo mawili ya haraka, la kwanza kama mzaha, la pili kweli. Mama akiwa jikoni alijua nani ameingia kabla hajageuka.

Kipepeo aliondoka kwenda kutafuta kazi mbali. Asubuhi ya safari Kioo alikuwa ameshika randa, tayari kuuchonga ule mlango ili begi kubwa lipite bila taabu. Kipepeo alimpokonya randa akacheka. "Mama, usimruhusu huyu auguse," alisema. "Nikirudi nikaufungua kwa kidole, nitajuaje nimefika?"

Alipiga simu kwa muda, kisha akapunguza, kisha namba yake ikawa ya mtu mwingine ambaye hakumjua. Hakuna aliyeleta habari ya kifo, wala ya uhai. Baba alifariki akiwa bado anauliza. Mama hakuuliza tena. Aliacha tu kila kitu mahali pake, na mlango akauacha na ugumu wake. Kila mguno wa mlango ulimwinua kichwa. Akiona ni Kioo, au dada, au mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi, alikishusha na kuendelea na alichokuwa akifanya.

Mwaka huo mvua zilipoanza, ufa ulijitokeza kwenye pembe ya sebule, juu karibu na dari, ukashuka kama mtu anayetafuta njia. Kioo alibandika kipande chake. Kikavunjika. Akabandika cha pili mahali palepale, nacho kikavunjika kabla maandishi ya penseli hayajafifia. Akatundika timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, kutoka darini, akaona uzi ukiachana na ukuta, chini finyu, juu wazi. Sababu aliijua bila kuchimba: udongo wa pale ni mfinyanzi, hunywa maji ukavimba, hukauka ukanywea, na msingi wa upande wa mteremko ulikuwa mfupi. Hapo ndipo alipoutazama mlango kwa macho mapya. Fremu yake ilikuwa imepinda kwa kufuata ukuta. Mlango ulikuwa kioo cha kwanza. Ulikuwa umewaambia habari hii tangu utoto wake, nao wakaisikia kama sauti ya watu kuingia nyumbani.

Alimwita dada yake. Dada alikuwa muuguzi, mwanamke wa kusema mambo yakaisha, na alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado amevaa viatu vyake vyeupe. Wakakaa sebuleni, mama kwenye kiti chake kinachoutazama mlango.

"Kioo kimesema, Mama," Kioo alianza. "Itabidi uhame. Chumba chako kwangu kiko tayari."

Mama akaomba kukiona. Kioo akakibandua, akamwekea vipande viwili kiganjani. Aliviangalia, akavisogeza pamoja, akavitenganisha.

"Kimevunjika," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukuta unatembea."

"Unatembea, Mama."

"Nimekubali. Wewe ndiye unayejua kuta. Sasa hilo la kuhama, limetoka wapi?"

Kioo alifikiri hajaeleweka. Akaeleza upya, udongo, msingi, uzi wa timazi. Mama alisikiliza hadi mwisho na kuitikia kwa kichwa kila jambo, kwamba ni kweli.

"Yote hayo ni habari za ukuta," alisema. "Ukuta uko hivi, udongo uko vile. Nimezipokea. Lakini kioo chako hakijasema hama, mwanangu. Kioo kimevunjika, basi. Hama umesema wewe."

Dada alishika kiuno. Aliona hapa panahitajika habari zaidi, na habari alikuwa nazo. Alitaja nyumba ya mtaa wa pili iliyoanguka mvua za mwaka juzi. Alieleza kinachotokea mwilini tofali likikupata kichwani, kwa undani wa mtu aliyeshuhudia. Alisema mvua kubwa bado hazijaja, na kwamba mtaa mzima unashangaa kwa nini watoto wanamwacha mama yao chini ya ukuta ule. Mama alikubali kila moja. Nyumba ilianguka, kweli. Tofali ni zito, kweli. Mvua zinakuja. Watu wanashangaa, na yeye mwenyewe aliwasikia.

"Ongeza nyingine," alisema kwa upole. "Ongeza hata kumi. Utakuwa umenijazia debe la yaliyopo. Lipasalo kufanywa halimo. Wewe unalo mkononi, unalitupia juu kabisa ukishamaliza, halafu unaniambia limetoka kwenye debe."

Kioo akakumbuka methali ambayo wenzake walimtania nayo kila siku ofisini. "Lakini wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Hawakusema ziba," mama akajibu. "Walisema usipoziba utajenga. Ni habari tu, kama habari zako. Anayeziba ni yule asiyetaka kujenga. Hilo la kutotaka analo mwenyewe, analeta kutoka kwake."

Dada akamwambia mdogo wake kwamba mama yao angefaa sana mahakamani, upande wa wezi. Mama akacheka mpaka akapangusa macho. Lakini hakuhama.

Kioo hakuwa mtu wa kushindwa na ukuta. Alirudi kesho yake akiwa na hoja aliyoiona haina tundu. Kitu, alisema, kina kazi yake. Kazi ya ukuta ni kusimama na kubeba paa. Ukuta usiosimama ni ukuta mbaya. Na nyumba yenye ukuta mbaya haifai kukaliwa. Hapo habari na lipasalo vimeshikana, havina mwanya.

Mama alikuwa anachambua mchele. "Kazi hiyo ukuta ulipewa na nani?"

"Na Baba, alipoujenga."

"Basi ni matakwa ya baba yako yaliyokaa ndani ya matofali. Si matofali yanayotaka." Akatoa jiwe, akaliweka kando. "Na mimi, kazi yangu ni ipi? Nani alinijenga akaniandikia kwamba nisimame hapa au pale? Ukuta una mjenzi wa kumuuliza. Mimi unamuuliza nani, kama si mimi?"

"Basi nakuuliza wewe. Unataka kufa?"

"Sitaki."

Kioo akaona ameshika. Mama akauweka ungo chini.

"Nataka kuishi, baba. Na nataka mwanangu akija akute mlango anaoujua na mtu nyuma yake. Nataka yote mawili, na ukichungulia moyoni mwangu kwa darubini utayaona yote mawili, habari za kweli kabisa. Lakini kuyaona hakukuambii lipi lipite mbele. Timazi yako inapima ukuta. Nitafutie inayopima hayo."

Alikaa kwenye mkeka, mtu mwenye ndevu zenye mvi, akausaidia mkono wa mama yake kuokota mawe kwenye mchele.

Dada alipendekeza njia fupi. Kioo alikuwa na mamlaka. Angeweza kubandika karatasi nyekundu mlangoni na kuifunga nyumba, kama alivyozifunga nyingine. Sheria inasema. Kioo alizunguka nayo karatasi ile begani kwa siku kadhaa, ndani ya begi. Kwamba sheria inasema hivyo, ni kweli; iko kwenye kitabu, mtu yeyote anaweza kwenda kuisoma. Lakini kwamba yeye aichukue akaibandike kwenye mlango ule, mbele ya macho yale, hilo hakulikuta kwenye kitabu. Ilikuwa ni mahali palepale tena, mwanya uleule, na yeye amesimama ukingoni.

Ufa huo ulimfuata hadi kazini. Alimkagulia mwenye ghala mmoja ukuta wa nyuma, akakuta kioo kimekatika, akavua miwani, akaifuta. "Kioo kimevunjika," alisema. Kisha akaivaa tena.

"Kwa hiyo?" akauliza mwenye ghala.

"Unataka nini?" Kioo alimuuliza, na alimaanisha.

Mwenye ghala alitazama kushoto na kulia, akaingiza mkono mfukoni, akamuuliza kwa sauti ya chini chai ya bei gani inatosha. Kioo alitoka mbio karibu aangushe ngazi. Hadithi hiyo iliwachekesha ofisini hadi mwisho wa mwezi.

Lakini yeye hakucheka sana. Alianza kutambua kwamba watu wote aliowahamisha walikubali haraka kwa sababu tu walikuja tayari na kile kilichopungua. Waliyapenda maisha yao kuliko nyumba zao, na hawakuhitaji kulisema. Yeye alileta nusu, wao wakaleta nusu nyingine kimyakimya, ikaonekana kama kioo kimeleta yote.

Aliporudi kwa mama yake safari ile alikuwa mnyenyekevu zaidi, na mjanja zaidi. Alimuuliza, bila haraka, kwa nini anapaswa kungoja.

Mama alishangaa swali. Alisema mama humngoja mwanawe, ndivyo ilivyo tangu dunia iwe dunia. Kuku hungoja, paka hungoja. Alisema ameishi nyumba hii tangu alipoolewa. Alisema anampenda.

"Yote kweli," Kioo akajibu. "Nimeyapokea. Sasa lile la kupaswa kungoja limetoka wapi?"

Nje mtu alikuwa anavuta ndoo kisimani.

"Kuku anangoja, hiyo ni habari ya kuku," Kioo akaendelea, ingawa hakuwahi kubishana na mama yake hadi huku. "Umeishi hapa, hiyo ni habari ya jana. Hata upendo wako. Upo, tunauona. Lakini haukuandika popote kwamba ukae chini ya ukuta. Hilo umelitupia juu ya debe, Mama, ukishamaliza."

Mama alimtazama, na uso wake ukafanya kitu ambacho Kioo hakukitarajia, ukalainika.

"Umenipata kwa fimbo yangu," alisema. Kisha, taratibu: "Basi tupo sawa. Wewe huwezi kunithibitishia niondoke, mimi siwezi kukuthibitishia nibaki. Nabaki kwa sababu nimeshika kubaki. Nikiachilia, hakuna kitakachonishikia." Akaugeukia mlango. "Unadhani sijui kwamba huenda haji? Najua. Hesabu hiyo naijua kuliko ninyi. Lakini 'huenda haji' haijawahi kuniambia acha."

Kioo aliondoka. Nje aliuvuta mlango kwa nguvu kuufunga, akausikia mguno, na kwa mara ya kwanza tangu miaka ile akatamani kumsikia mdogo wake: yale mapigo mawili, la mzaha na la kweli. Siku zote alijiambia kwamba mama ndiye anayengoja.

Mvua zikazidi. Asubuhi moja alikwenda kutundika timazi upande wa nje, kwenye uchochoro, akamkuta dobi wa nyumba ya chini amehamishia kazi yake hapo. Uani kwake maji yalikuwa yanatuama, na chini ya ukingo wa paa la mama palikuwa pakavu. Alikuwa ameweka meza ya pasi, amefunga kamba za nguo kwenye misumari ya ukuta uleule, na binti yake mdogo alikaa juu ya beseni lililopinduliwa akivisha fundo la kitambaa nguo za mwanasesere.

"Shikamoo, Fundi," dobi alisema. "Bibi ametupa kivuli na kinga. Mungu ambariki."

Kioo alitundika uzi. Alikuwa anajua siku zote ukuta unaelekea upande gani, kama mtu anavyojua jina la mtaa ambako hana haja ya kwenda. Katika hesabu zake kulikuwa na kichwa kimoja tu, cha mama. Alimwomba dobi avute meza hadi mdomo wa uchochoro kwa siku ile, akamwambia sababu waziwazi. Dobi akakunja uso. Kule mvua ingemlowesha nguo za watu. Akavuta hata hivyo, akimtanguliza mtoto.

Mama alikuwa amesimama dirishani, amesikia.

"Ukianguka, unaangukia ndani au nje?"

"Nje, Mama. Uchochoroni."

"Wote?"

"Sehemu kubwa."

"Na yule mtoto hukaa pale kila siku?"

"Tangu mvua zianze. Nikimfukuza atarudi, ndipo pakavu."

Aliondoka dirishani. Kioo alipoingia alimkuta ameketi, mikono juu ya magoti, akiutazama mlango kama mtu anayesoma mstari wa mwisho wa barua. Hakumsukuma. Hata alijikuta akisema kinyume na faida yake, kwa kuwa haki ni haki.

"Mama, hata hilo halisemi hama. Ni habari nyingine tu ya ukuta."

"Najua." Alitabasamu kidogo. "Ila hilo la kutomwangushia mtoto wa mtu nyumba, nilikuwa nalo kabla hujazaliwa. Habari yako imeligonga, limeamka. Kama usingeniletea habari, lingeendelea kulala, na mimi ningekuwa mwovu bila kujua. Ndiyo kazi ya kioo chako, mwanangu, wala si ndogo." Akavuta pumzi. "Kumngoja yeye chini ya ukuta wangu, hiyo ilikuwa hatari yangu, niliichagua. Kumngoja chini ya ukuta juu ya kichwa cha yule binti, sichagui. Lakini usije ukawaambia watu kwamba kioo kilinihamisha. Nimehama mwenyewe."

Akaenda kukunja shuka zake. Kitu cha mwisho kilipokwisha kufungashwa, alisema jambo moja tu, na hakulisema kama ombi.

"Mlango naondoka nao."

Ukuta ulishushwa na mafundi, tofali kwa tofali kutoka juu, na dobi akasaidia kubeba. Kioo aliuchukua mlango na fremu yake hadi kwake, akaubadilisha na mlango wake wa mbele. Aliufunga kama alivyofunga milango yote maishani, kwa timazi na pima maji, fremu imenyooka, pembe zimekaa. Jioni alirudi kutoka kazini, akaweka mkono kwenye mlango, ukafunguka kwa kidole kimoja. Haukutoa sauti yoyote.

Mama alikuwa ameketi sebuleni, ameugeuzia mlango kiti chake. Hakuinua kichwa. Hakuwa amesikia mtu akiingia. Alipomwona amesimama mbele yake alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za kazi, na macho yake yalikuwa mbali sana.

Hakulalamika siku ile, wala zilizofuata. Mke wa Kioo ndiye aliyemwambia kwamba mama hushinda akiugusa ule mlango, anaufungua, anaufunga, kama mtu anayejaribu kumkumbusha mtu jina lake.

Siku yake ya mapumziko Kioo akatoa vifaa. Mke wake alimwona akilegeza fremu, akaingiza kabari chini ya mguu wa kushoto, akatundika timazi na kuutazama uzi ukiachana na mbao, chini finyu, juu wazi.

"Mume wangu, umeupinda," alisema. "Si unaona? Haujanyooka."

"Naona," alisema Kioo. "Haujanyooka kabisa."

Akagonga misumari.

Tangu hapo kila jioni hufika kwake, akaujaribu mlango kwa mkono, ukakataa. Hausukumi mara moja. Husimama kwanza barazani na begi lake la kazi, kwa sababu anajua kitakachotokea: ataupiga bega, utaguna, na ndani mama atainua kichwa. Ataona ni yeye. Atakishusha tena, taratibu, na kumwambia karibu. Hajui kama ni wema kumfanyia hivyo kila siku au ni ukatili, na hakuna kitu anachoweza kukibandika ukutani kikamwambia. Wakati mwingine, akiwa pale nje, hujikuta naye ametega sikio nyuma yake, kuelekea njiani.

Kisha husukuma, bega moja, pigo zito, kama la baba yao.